SMS za wateja wa saluni: ridhaa kwanza, halafu chunga ule ng'

Mwongozo huu nauandika baada ya kumsaidia dada mmoja mwenye saluni. Alikuwa na wateja 200 kwenye daftari la miadi na tayari alishanunua SMS 250 kwenye mfumo wa kutuma SMS kwa watu wengi.

1. Omba ruhusa

Namba iliyo kwenye daftari la miadi mteja aliitoa ili umkumbushe miadi yake. Hajakubali kupokea matangazo. Kwa hiyo muulize anapolipa, akiwa bado mbele ya kioo na amefurahi: "Tukikutumia SMS mara moja au mbili kwa mwezi kuhusu nafasi na ofa, sawa?" Akikubali, andika tarehe, namba na nani aliyemuuliza. Akisitasita, mhesabu kuwa amekataa. Kati ya wale 200 walikubali 121, na hao 121 ndio wanaosoma.

2. Panga orodha

Tumia jedwali la kawaida la kompyuta: namba, tarehe ya ridhaa, huduma ya mwisho, tarehe ya huduma hiyo. Fanya safu ya namba iwe ya maandishi kabla hujaingiza chochote, la sivyo alama ya kujumlisha ya mwanzo itapotea. Namba ianze na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi.

Safu ya huduma ya mwisho ndiyo itakayokuokoa usiwe kero. Aliyesuka wiki sita zilizopita anafikiria kufumua, kwa hiyo ujumbe wako unamfikia wakati wake. Mwenye nywele fupi ukimtumia ofa ya rasta, umeshamwonyesha kwamba humjui.

3. Andika ujumbe

Huu ndio tuliotuma:

```
Habari dada, Saluni Yetu: Jumanne asubuhi tuna nafasi za kuosha na kung'arisha nywele. Jibu NDIYO tukuwekee saa. Kuacha SMS, jibu ACHA.
```

Una herufi 135 ukihesabu na nafasi. SMS moja hubeba 160, kwa hiyo ungetegemea kila mteja amalize SMS moja tu. Lakini mara ya kwanza, kabla hatujapunguza orodha, salio lote la 250 liliishia kwa mteja wa 83. Tulikesha tukikagua namba, tukidhani zimejirudia, kisha tukadhani mfumo unatuibia.

Kosa lilikuwa kwenye neno "kung'arisha". Dada aliandika ujumbe kwenye programu ya kuandikia nyaraka, nayo ikageuza ritifaa iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’). Ile iliyonyooka imo kwenye seti ya herufi za msingi za SMS. Iliyopinda haimo. Alama moja tu ya nje ya seti hiyo ikiingia, ujumbe mzima huandikwa kwa seti nyingine ya herufi, na kikomo hushuka kutoka 160 hadi 70. Ujumbe ukizidi 70 hukatwa vipande vya herufi 67 kila kimoja, kwa kuwa nafasi kidogo hutumika kuviunganisha tena kwenye simu. Vipande viwili hubeba 134. Sisi tulikuwa na 135, kwa hiyo kila mteja alimaliza SMS tatu kwa sababu ya herufi moja iliyozidi.

Lugha yetu imejaa ng', kwa hiyo mtego huu ni wetu hasa. Emoji nayo hufanya vivyo hivyo, na mimi siitumii kabisa kwenye SMS za saluni. Baadhi ya simu pia hupindisha ritifaa zenyewe, na kwa macho ni vigumu kuona tofauti. Ujumbe ukiwa kwenye seli A2, nyoosha hivi:

```
=SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(8217),"'")
```

Kisha jitumie mwenyewe kwanza, uangalie salio limepungua kwa ngapi. Likipungua zaidi ya moja, usitume kwa wengine. Kama unaingiza jina la kila mteja, hesabu kwa jina refu kuliko yote.

4. Tuma

Asubuhi ya siku ya kazi, siku moja kabla ya nafasi zenyewe. Usiku usitume kamwe.

5. Wanaojiondoa

Chagua namba inayopokea majibu. Jina la mtumaji lenye herufi hupendeza, lakini mteja hawezi kulijibu, na hapo ile ACHA uliyoiandika inakuwa ahadi ya uongo. Mimi nachagua namba kila mara.

Soma majibu kwa macho yako. Mfumo uliopangwa hivyo utamtoa aliyeandika ACHA, ila "acheni jamani" na "msinitumie tena" vitaupita. Namba za waliojiondoa zikae kwenye safu A ya karatasi ya pili ya jedwali, uiite Acha, zisifutwe. Ukizifuta, siku utakapopakia upya daftari la zamani watarudi wote kwenye orodha. Kabla ya kila utumaji linganisha karatasi zote mbili:

```
=COUNTIF(Acha!A:A,A2)
```

Kila mstari unaotoa chochote zaidi ya 0, uondoe.