Kumwongoza mtu mzima kwa simu: kusoma taa za modemu na kuwasha vifaa kwa mpangilio

Kazi yangu ni kufunga faiba majumbani hapa Mombasa. Stima ikipotea na kurudi, simu nyingi ninazopokea hutoka kwa watu walio mbali, Nairobi au Maskati, ambao mama au bibi yao yuko nyumbani na intaneti haishiki. Wameshamwambia "zima halafu washa," naye amezima na kuwasha, na hali ni ile ile. Mara nyingi kinachokosekana ni mpangilio: vifaa viwili vimewashwa kwa pamoja, au cha pili kimetangulia cha kwanza.

Nitaeleza kwa kutumia nyumba ya shangazi yangu, Kisauni, kwa sababu vifaa vyake ni vile vinavyokutwa nyumba nyingi. Kuna kisanduku cheupe ukutani, ambamo ule waya mwembamba wa faiba unaingia. Kuna na ruta nyeusi yenye antena, juu ya kabati la televisheni, inayosambaza waifai. Waya mnene wa mtandao unaviunganisha. Wenyeji huviita vyote viwili modemu, kwa hiyo ukisema "zima modemu" hujui atakizima kipi. Sema "cheupe" na "cheusi," au rangi zozote zilizoko kwenu. Kama kwenu kipo kifaa kimoja tu kinachofanya kazi zote, fuata maelezo ya cheupe na uache ya ruta.

Hatua ya kwanza: simu yenyewe

Piga simu ya kawaida, usipige ya WhatsApp. Simu ya mzee inaweza kuwa bado imeshika waifai isiyo na intaneti, na simu ya mtandao itakatika mkiwa katikati ya maelezo. Mwambie aweke spika, simu ikae mezani, avae miwani. Kama kisanduku kiko chini nyuma ya kabati, usimwinamishe. Mwombe amwite mjukuu au jirani, uzungumze na huyo.

Jua la alasiri likiingia dirishani, taa hizi ndogo huonekana kama zimezimika. Avute pazia au azikinge kwa kiganja kabla hajakusomea chochote.

Hatua ya pili: kusoma taa, mikono ikiwa mbali na swichi

Hii ndiyo sehemu ya kuipa muda. Taa zinakueleza tatizo liko wapi, na ukizima kabla ya kuzisoma umepoteza ushahidi.

Usimwulize "taa ziko sawa?" Atakujibu ziko sawa. Usianze na rangi pia, maana mtu mwenye mtoto wa jicho huona vitu vikiwa na umanjano, na kijani na rangi ya chungwa zinaweza kumchanganya. Uliza mambo mawili kwa kila taa: inawaka? Na kama inawaka, imetulia au inapepesa? Taa hutajwa kwa jina lililoandikwa kando yake, kwa sababu mpangilio wake hutofautiana kutoka kifaa hadi kifaa.

Siku ile tulizungumza hivi:

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hiki kitu chenu kimezima tena, na stima imesharudi."

"Pole shangazi. Simama mbele ya kile cheupe, usikiguse. Yako maandishi madogo kando ya taa. Tafuta lenye herufi tatu linaloanza na P."

"P, O, N."

"Hapo hapo. Taa yake inawaka?"

"Inawaka."

"Itazame kidogo. Imetulia, au inawaka na kuzima?"

"Imetulia tuli."

"Sasa tafuta linaloanza na L, la mwisho ni S."

"Hili hapa. Halina taa."

Kwa majibu hayo mawili nilishajua mengi. PON ikitulia maana yake kisanduku kimeonana na mtambo wa kampuni na kimekubaliwa. Ikiwa inapepesa, bado kinajitambulisha. LOS ni taa ya hatari: kwenye hali njema huwa imezima, na ikipepesa kwa rangi nyekundu, mwanga wa faiba haufiki kwenye kisanduku. Kwa shangazi, basi, njia ya kutoka barabarani hadi ukutani ilikuwa nzima. Nikamhamishia kwenye cheusi. Huko taa yenye alama ya dunia, ambayo ndiyo ya intaneti, ilikuwa nyekundu. Shida ilikuwa ruta.

Usiridhike na picha. Picha ya taa inayopepesa inaweza kuonyesha imewaka au imezima, kutegemea kamera ilibonyezwa wakati gani. Kama kuna mtu wa kukusaidia hapo nyumbani mwenye bando la simu, akutumie video ya sekunde 10.

Hatua ya tatu: kuzima

Zima ruta kwanza, kisha kisanduku, na uzimie kwenye swichi ya soketi ukutani. Usimwambie achomoe pini nyembamba zilizoko nyuma ya vifaa. Adapta mbili hizo hufanana, pini huweza kuingia pande zote mbili, lakini volti au ampea zake huenda si sawa. Zikibadilishana utapata kifaa kinachozimika ovyo au kilichoungua.

Muhimu kuliko yote ni kitundu kidogo kilichoandikwa RESET. Mwambie waziwazi asikichokoe kwa sindano wala kijiti. Hicho hufuta mipangilio yote ya ruta, pamoja na jina na neno la siri ambalo kampuni iliingiza siku ya kufunga. Akikichokoa, jambo la dakika kumi linageuka kuwa la kumsubiri fundi.

Vikishazima, vikae sekunde 30 hivi. Umeme hubaki ndani ya kifaa kwa muda mfupi baada ya kuzimwa, na ukiwasha upesi mno kinaweza kuendelea na ile hali mbovu. Shangazi hatazami saa, hivyo namwomba asome subhanallah mara 33 bila haraka. Inatosha kabisa.

Hatua ya nne: kuwasha, cheupe kwanza

Washa kisanduku peke yake. POWER itawaka mara moja, PON itapepesa, na baada ya dakika moja hadi tatu itatulia. Usiende mbele kabla haijatulia. Kaa naye kwenye simu, muulize habari za nyumbani, kisha umwambie aitazame tena.

Sababu ya kusubiri ni hii. Ruta ikiamka, jambo la kwanza inalofanya ni kuomba anwani ya mtandao kupitia kisanduku. Kisanduku kikiwa bado hakijaunganishwa, ruta inabisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe hajaamka. Ruta nyingine hurudia kuomba mpaka zikapata, nyingine hukwama na taa nyekundu mpaka mtu azizime. Ndiyo maana tatizo hili hujitokeza sana baada ya stima kurudi: hapo vifaa vyote huwaka kwa sekunde ile ile.

PON ikishatulia, awashe ruta. Nayo ipewe dakika mbili au tatu. Kwa shangazi ile alama ya dunia ilianza na nyekundu, ikazima, kisha ikawaka kijani. Mwisho kabisa ndipo awashe televisheni, na kwenye simu azime waifai na kuiwasha tena ili ishike upya.

Angalia ekstensheni. Kama vifaa viwili vimechomekwa kwenye ekstensheni moja isiyo na swichi kwa kila tundu, kuiwasha kutaviamsha pamoja na umerudi mwanzo. Hapo achomoe plagi nene ya ruta kwenye ekstensheni, awashe ekstensheni, asubiri PON itulie, kisha achomeke ruta.

Ujumbe wa kumwachia

Ukienda kumtembelea, bandika karatasi yenye namba 1 kwenye plagi ya cheupe na 2 kwenye plagi ya cheusi. Halafu mtumie maelezo kwa meseji ya kawaida, kwa sababu atayahitaji siku ambayo intaneti haipo. Niliyomtumia shangazi ni haya:

"Shikamoo shangazi. Intaneti ikipotea, kwanza tazama cheupe. Kama LOS inawaka nyekundu, usizime kitu, nipigie. Kama LOS imezima: zima namba 2, kisha zima namba 1. Soma subhanallah 33. Washa namba 1 peke yake. Subiri PON iwake bila kupepesa. Ndipo washa namba 2. Subiri dakika tatu. Usiguse RESET. Isiposhika, nipigie, usirudie."

Lile neno "usirudie" lina maana yake. Mtu akizima na kuwasha mara nyingi mfululizo, kisanduku hakipati muda wa kumaliza kujitambulisha, na wewe unayesikiliza kwa simu hujui tena taa unazosomewa ni za hatua ipi.

Pale kuwasha upya hakusaidii

LOS ikipepesa nyekundu, hata ukizima mara mia mwanga hautafika. Mwombe aufuate kwa macho ule waya mwembamba kutoka kwenye kisanduku: umebanwa na mguu wa kiti, umekunjwa kwenye kona ya kabati, au umechomoka? Ukikunjwa sana, mwanga unavuja na hauendelei, hata kama waya kwa nje unaonekana mzima. Anaweza kuulegeza ulipobanwa. Asiuchomoe, asiusafishe ncha, na asichungulie ncha yake, kwa kuwa mwanga unaopita humo ni wa leza na jicho haliuoni. Kama waya uko huru na taa bado ni nyekundu, huenda umekatika nje na kazi ni ya kampuni.

PON ikipepesa zaidi ya dakika tano huku LOS imezima, mwanga unafika lakini mtambo haujakikubali kisanduku. Hilo nalo hurekebishwa upande wa kampuni.

Taa zote zikiwa nzuri na hakuna kinachofunguka, uliza malipo ya mwezi kabla hujagusa kifaa. Akaunti iliyoisha muda huacha PON imetulia kama kawaida.

Unapowapigia kampuni kwa niaba ya mzee, uwe na namba ya akaunti na namba ya kisanduku iliyoandikwa S/N kwenye kibandiko chake. Ipige picha siku ukiwa nyumbani, ili usimwombe mtu mzima akigeuze kisanduku huku kinaning'inia kwenye waya wa faiba. Kisha waambie ulichosomewa: "PON inapepesa kwa dakika kumi, LOS imezima, tumeshawasha upya kwa mpangilio mara moja." Mpokeaji simu akisikia hivyo, mwombe aandike tatizo moja kwa moja na akupe namba ya kufuatilia.