Kabla hujageuza "uboreshaji" kuwa "boresha"

Ukifungua rasimu ya muhtasari wa sera ukaanza kugeuza nomino kuwa vitenzi papo hapo, utakwama kwenye ukurasa wa kwanza, na kitakachokukwamisha si sarufi. Nimetunga sentensi hii kwa mfano wa zile zinazopita mezani kwangu, kuhusu maji vijijini Tanzania:

"Ili kuhakikisha uboreshaji wa upatikanaji wa huduma ya maji, kuna haja ya kufanyika kwa uimarishaji wa usimamizi wa ukusanyaji wa mapato na ukarabati wa pampu kwa wakati."

Nani afanye? Lini? Sentensi haisemi, na wala hailazimiki kusema. "Ukarabati" hauna nafsi wala njeo. Lakini ukiandika "itakarabati", ile i- inadai mtendaji na ile -ta- inadai wakati. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuwa nalo kabla ya kuanza ni majibu, pamoja na namba ya simu ya mtu anayeweza kuyatoa. Weka pembeni jedwali la bajeti na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuvipa nafasi vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Usikisie. Ukiandika "RUWASA itakarabati pampu" ilhali kazi hiyo ni ya chombo cha kijiji, umeahidi kwa niaba ya serikali fedha ambazo hakuna aliyezitenga. Mara nyingi nomino iliwekwa pale makusudi, kwa sababu kikao hakikukubaliana nani abebe mzigo. Hilo lirudishe kwa wenye rasimu. Si lako kuliamua kwa kalamu.

Pili, zitafute nomino zenyewe kabla ya kugusa sentensi hata moja. Bonyeza `Ctrl+F`, kisha andika `aji wa`. Ukiandika "aji" peke yake katika waraka wa maji, kila "maji" litajitokeza, nawe utachoka kabla ya saa sita. Hata hivyo "mradi wa maji wa kijiji" utakuja, na "watumiaji wa maji" pia. Hao ni watu, waache. Halafu tafuta "kufanyika kwa", "kuwepo kwa" na "kuna haja ya". Hapo ndipo kitenzi hafifu kinaposimama mlangoni huku kazi yenyewe imejificha ndani ya nomino.

Zipo nomino za kuacha kama zilivyo, na orodha yake iandae mapema. "Tathmini ya athari kwa mazingira" ni jina la utaratibu wa kisheria. Ukilivunja, mwanasheria atalirudisha. Kadhalika "upatikanaji wa maji" ukiwa ni kichwa cha safu kwenye jedwali. Na "ukarabati huo", unaorejelea sentensi iliyotangulia, unafanya kazi nzuri.

Sasa rudi kwenye sentensi yetu. Kishawishi ni kuandika "kuimarisha usimamizi" na kuona kazi imekwisha. Ni kitenzi, kweli, lakini hakuna aliyewahi kumwona mtu akiimarisha usimamizi. Uliza: mkaguzi akifika kijijini, ataona nini? Tuseme umepiga simu wilayani ukajibiwa kwamba pampu zinakaa mbovu kwa sababu chombo cha maji hakina akiba, na hakina akiba kwa sababu wachota maji wengi hawalipi na hakuna anayeandika hesabu. Hapo sentensi inajiandika:

"Pampu zinakaa mbovu kwa sababu vyombo vya maji havina akiba. Kila chombo kiajiri mtunza hesabu, kikusanye malipo kila mwezi na kitenge sehemu yake kwa matengenezo. RUWASA ikague hesabu hizo kila robo mwaka."

Sentensi moja imekuwa tatu, na maneno yameongezeka kidogo. Mkuu wako akilalamikia urefu, muulize kama sentensi ya awali ilimwambia kwamba kuna mtu wa kuajiriwa. Angalia pia njeo: tatizo limesimama kwenye -na-, mapendekezo kwenye -e ya "kikusanye" na "ikague". Rasimu ya nomino tupu huyachanganya haya, msomaji asijue kama visima vimeshakarabatiwa, vinakarabatiwa au vinaombewa fedha.

La mwisho la kuandaa ni muda, siku mbili hivi, baada ya kuhariri. Toa orodha ya kila mtendaji uliyemtaja na kitenzi ulichompa, uitume kwa ofisi husika kabla waraka haujapanda kwa katibu mkuu. Niliwahi kuruka hatua hii. Idara moja ilijisoma ndani ya waraka "ikilipa" kitu ambacho haikuwahi kukisikia, na nomino zote zilirudi alasiri ileile.