Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwasha Onyesho la Wakati Wote kwenye Saa Janja

Kila pikseli ya skrini ya OLED hutoa mwanga wake yenyewe, na kadiri inavyowaka ndivyo inavyochakaa. Ya buluu huchakaa mapema zaidi, na mwangaza mkali pamoja na joto huzidisha kasi hiyo. Alama ya kudumu hutokea pale pikseli chache zinapowaka mahali pamoja kila siku huku za jirani zikiwa zimezimwa.

Tuchukue mtu anayevaa kifaa chake saa 16 kwa siku. Akitazama skrini mara 100, kila mara kwa sekunde 5, nembo iliyo juu ya sura ya saa itawaka kama saa 51 kwa mwaka. Akiwasha onyesho la wakati wote, yaani skrini isizimike hata asipoitazama, nembo hiyohiyo itawaka saa 5,840. Ni kweli kwamba katika hali hiyo mfumo hufifisha mwanga, na hiyo ni nafuu kubwa, lakini tofauti ya muda ni ya kuangaliwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuchagua sura ya saa, nami naliona kuwa na uzito kuliko mipangilio mingine yote. Inua mkono, kisha uushushe, uangalie ni nini kinachobaki kikiwaka: sura nzuri hubakisha mistari myembamba juu ya weusi, kwa sababu pikseli nyeusi ya OLED imezimwa kabisa. Epuka tarakimu nene zilizojazwa rangi, nembo, na alama ya betri isiyohama. Mishale ya saa huzunguka, lakini kitovu chake na alama za saa 12 hubaki palepale, hivyo sura ya mishale nayo haina kinga kamili. Mifumo mingi huisogeza picha pikseli chache kila baada ya muda. Hilo hulainisha kingo za mistari myembamba, ila katikati ya umbo nene pikseli zilezile huendelea kuwaka.

Baada ya hapo, acha mwangaza ujirekebishe wenyewe, na uzime onyesho hilo usiku. Kwenye Apple Watch fungua Settings > Display & Brightness > Always On; kwenye Galaxy Watch ni Settings > Display > Always On Display. Hakikisha pia kwamba skrini haibaki ikiwaka juu ya chaja, ambako joto huongezeka.

Mwisho, ikague skrini kabla dhamana haijaisha. Gizani, fungua picha ya kijivu iliyojaa skrini nzima, kwa mwangaza mdogo. Ukiona kivuli cha tarakimu, zima skrini kwa saa kadhaa, kisha urudie. Kikitoweka, kilikuwa mabaki ya muda. Kikibaki palepale, pikseli zimechakaa, na hakuna mpangilio utakaozirudisha.