Ibada, kisima na mashine ya alizeti: kila kimoja na msajili wake

Kazi yangu hapa Dodoma ni kuandaa nyaraka za usajili. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Tuna kikundi, tusajili BRELA au wapi?" BRELA ni wakala wa serikali unaosajili kampuni na majina ya biashara. Swali hilo nitalijibu kwa mfano mmoja hadi mwisho. Tuchukue kikundi cha waumini upande wa Nala. Kina mambo matatu mkononi: ibada ya kila Jumapili, mradi wa kisima na darasa la ushonaji kwa ajili ya kijiji kizima, na mashine ya kukamulia alizeti inayoleta fedha. Wao wanaviona vyote kuwa kitu kimoja, "huduma yetu". Serikali inaviona vitatu.

Hatua ya kwanza: fuata ziada

Kabla ya kujaza fomu yoyote, waulize viongozi swali moja: mwisho wa mwaka, gharama zote zikishalipwa na fedha zikabaki, zinakwenda kwa nani?

Kama jibu ni "tunagawana kulingana na alichochangia kila mmoja", hiyo ni kampuni, hata kama wanaanza kikao kwa sala. Kama jibu ni "zinarudi kwenye kazi, hakuna mtu anayechukua", basi hiyo si biashara kwa maana ya sheria, na mlango wake hauko BRELA. Watu huchanganya hapa wakidhani kwamba shirika lisilogawana faida haliruhusiwi kupata fedha au kulipa mshahara. Linaruhusiwa yote mawili. Mratibu wa kisima anaweza kulipwa mshahara halali kwa kazi anayoifanya. Asichoweza kupata ni gawio, yaani fedha anayopewa kwa sababu tu yeye ni mwanzilishi.

Zamani kulikuwa na njia ya katikati: kampuni isiyo na hisa, yenye ukomo wa dhamana, na mashirika mengi ya kijamii yalijisajili hivyo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliifunga njia hiyo kwa kazi za kijamii. Kampuni ikabaki kuwa chombo cha biashara na uwekezaji, na mashirika yaliyokuwa BRELA yakifanya kazi za aina ya NGO yakatakiwa kuhamia kwa Msajili wa NGOs. Kwa hiyo ukikutana na mwongozo wa zamani unaokushauri uandikishe kituo cha yatima kama kampuni, achana nao.

Hatua ya pili: gawa malengo kabla ya kuandika katiba

Chukua karatasi, andika kila wanachofanya, kisha kila mstari uupeleke kwa msajili wake.

Ibada, mahubiri na mafundisho ya dini huenda kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Huko ndiko makanisa, jumuiya za Kiislamu na vyama vya kijamii vinapoandikishwa. Sheria inataka watu wasiopungua kumi.

Kisima na darasa la ushonaji vinawahudumia wanakijiji wote bila kujali dini. Hilo ni eneo la Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya 2002, chini ya Msajili wa NGOs katika Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Hapo unachagua ngazi: wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Kikundi cha Nala kinachofanya kazi wilaya moja hakina sababu ya kukimbilia ngazi ya taifa kwa sababu tu cheti kinapendeza.

Mashine ya alizeti, iwapo itaendeshwa kama biashara, ni ya BRELA.

Sasa angalia kosa linalorudisha maombi mengi. Kikundi kinaandika katiba moja yenye malengo yote na kuipeleka kwa Msajili wa NGOs, na lengo la kwanza linasema "kueneza Injili". Sheria ya NGO haihusu taasisi zinazoeneza dini, hivyo maombi yatarudi na maelekezo ya kwenda Mambo ya Ndani. Kanisa au msikiti unaweza kuanzisha NGO chini ya mwavuli wake, hilo halina shida, ila NGO hiyo iwe na katiba yake, uongozi wake na malengo ya maendeleo tu.

Je, kikundi kidogo kinahitaji vyombo vyote vitatu? Kwa maoni yangu, mara nyingi hapana. Kanisa lililosajiliwa linaweza kuchimba kisima kama sehemu ya huduma zake bila kuunda NGO. NGO huanza kuwa na maana pale mradi unapokua, wafadhili wanapotaka mkataba na chombo kisicho cha ibada, au wajumbe wasio waumini wanapoingia kwenye uongozi. Kila chombo kina ripoti na ada zake, na hapa mjini nimeona vyeti vingi vizuri ukutani vyenye madeni ya ada nyuma yake.

Hatua ya tatu: andika nyaraka mama

Kampuni inaandikishwa kwenye mfumo wa ORS wa BRELA. Utahitaji namba za NIDA na TIN za wakurugenzi na wanahisa, jina, ofisi ilipo, mtaji, mgawanyo wa hisa na maelezo ya wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaoidhibiti kampuni au kufaidika nayo mwishoni. Katiba ya kampuni inajibu hasa maswali mawili: nani ana hisa ngapi, na kura zinahesabiwaje. Ada ya usajili hupanda kulingana na mtaji ulioandikwa, kwa hiyo usitaje mamilioni ya kujifurahisha.

Katiba ya jumuiya au NGO haina hisa. Ina wanachama, na kawaida kila mwanachama ana kura moja, awe amechangia gunia la alizeti au hakuchangia kitu. Unaambatanisha muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina na sahihi, pamoja na taarifa za viongozi. NGO huombwa kupitia mfumo wa NIS, na safari yake huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri. Nenda kaonane naye kabla hujapakia chochote. Akikijua kikundi, barua ya utambulisho haisumbui.

Kuna vifungu viwili ambavyo msajili na TRA huvisoma kwa makini. Kimoja kinasema mapato na mali vitatumika kwa malengo ya shirika tu na havitagawiwa kwa wanachama. Cha pili kinaeleza shirika likivunjwa mali inakwenda wapi: kwa taasisi nyingine yenye malengo kama hayo. Katika kampuni ni kinyume chake, kwani madeni yakishalipwa kinachobaki ni cha wanahisa. Ukiona katiba ya "shirika" inasema mali itarudi kwa waanzilishi, ujue mtu amenakili katiba ya kampuni akabadilisha jalada.

Hatua ya nne: kiwanja kiwe cha nani?

Hapa usiende haraka, maana ndipo ugomvi mkubwa unapozaliwa.

Kampuni ikipata cheti inakuwa mtu kisheria. Inaweza kununua kiwanja, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. NGO iliyosajiliwa chini ya sheria ya 2002 nayo ni hivyo. Jumuiya ya dini iliyosajiliwa Mambo ya Ndani haipati hadhi hiyo kwa cheti kile peke yake. Ndiyo maana inahitaji hatua ya ziada: kusajili Bodi ya Wadhamini kwa RITA, wakala wa serikali unaoshughulikia usajili, ufilisi na udhamini, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Bodi ikishasajiliwa ndiyo inayokuwa na lakiri, inayomiliki ardhi, na inayosimama mahakamani. Wadhamini hufa au hubadilishwa, bodi inabaki.

Kikundi chetu cha Nala kilinunua kiwanja kabla ya hayo yote, na hati ikatoka kwa jina la mchungaji. Machoni pa sheria kile ni kiwanja cha mchungaji. Akifariki, kinaingia kwenye mirathi, na watoto wake hawana kosa wakikidai. Kurekebisha kunawezekana akiwa hai: muhtasari wa kikao unaoeleza fedha zilitoka wapi, hati ya uhamisho kwenda kwa Bodi ya Wadhamini, ridhaa ya mwenzi wake wa ndoa, uthamini, na kodi na ushuru unaohusika na uhamisho. Ni gharama ambayo wangeiepuka kwa kusubiri cheti cha RITA kisha kulipia kiwanja kwa jina la bodi.

Angalia pia jina. Cheti cha jumuiya kikisema "Huduma ya Neema" na cha RITA kikasema "Huduma za Neema", benki itakataa kufungua akaunti na ofisi ya ardhi itakurudisha. Weka vyeti vyote mezani, linganisha herufi kwa herufi.

Hatua ya tano: TRA, bila kudhani

Cheti cha NGO au cha jumuiya si msamaha wa kodi. Vyombo vyote hivi vinahitaji TIN. Ili shirika litambuliwe kuwa la hisani au la dini chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, linaomba uamuzi wa Kamishna, likiambatanisha katiba, cheti na hesabu. Bila uamuzi huo, ziada yake inaweza kutozwa asilimia 30 kama ya kampuni. Hata ukiwa nao, kodi ya mishahara ya wafanyakazi inakatwa na kupelekwa kama kawaida.

Hatua ya sita: mashine yenyewe

Ikiwa mashine inakamua alizeti ya mradi tu, ibaki mali ya bodi. Ikianza kununua mbegu kutoka Kongwa na kuuza mafuta madukani, iundiwe kampuni. Bodi ya Wadhamini inachukua karibu hisa zote. Kwa kuwa kampuni ya kawaida huandikishwa na watu wawili au zaidi, hisa moja hushikwa na kiongozi mmoja kwa niaba ya bodi, na tamko la amana, yaani maandishi yake ya kukiri kwamba hisa hiyo ni mali ya bodi, linaandikwa siku hiyo hiyo. Tamko hilo likikosekana, baada ya miaka michache hisa moja hugeuka kuwa "hisa yangu".

Kampuni itachukua leseni ya biashara ya Jiji kupitia mfumo wa TAUSI, italipa kodi yake, na faida itakayobaki itakwenda kwa bodi kama gawio. Kila mwaka kampuni inapeleka taarifa yake BRELA, bodi inapeleka marejesho RITA, na jumuiya inaripoti kwa msajili wake. Wakiongeza NGO, nayo inatoa ripoti ya kazi na hesabu zilizokaguliwa, na cheti chake kinahuishwa kila baada ya miaka 10. Cha kampuni hakina tarehe ya mwisho.

Kwa mpangilio wa muda, kikundi cha Nala kianze na jumuiya, kifuatie RITA, kisha TIN ya bodi na akaunti ya benki. Kampuni ije baada ya hapo, kwa sababu ORS itataka taarifa za mwanahisa, na mwanahisa huyo, yaani bodi, lazima awe amekwisha kuwepo. Mashine ihamishwe kwa mkataba wa mauziano kati ya bodi na kampuni, wenye bei, hata kama bei hiyo italipwa kidogo kidogo au kwa hisa.