Siku ya kujaribiwa kiwandani: angalia minofu inaenda wapi

Ukiitwa ujaribiwe kukata minofu ya sangara hapa Mwanza, fuatilia minofu yako inaishia wapi. Kukata samaki wawili watatu huku msimamizi akiangalia kisu chako, hilo ni jaribio. Ila ukipangwa mezani zamu nzima, minofu ikapimwa na kupakiwa pamoja na ya wengine, umeshafanya kazi; ujira wake ni haki yako hata usipoajiriwa. Andika siku hiyohiyo saa za kuingia na kutoka, kilo zako na jina la msimamizi. Tunza pia ujumbe uliokuita, maana wengi hukwama kwa kukosa ushahidi. Wakikataa kulipa, peleka dai Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60.