Jinsi ya kutafsiri samansi na notisi ya kusikilizwa kwa kesi ili mpokeaji asikosee tarehe, wajibu wala matokeo ya kutofika

Mwongozo huu unahusu kesi za madai katika mahakama za mahakimu nchini Kenya, ambako samansi nyingi hutolewa kwa Kiingereza na kumfikia mtu anayefahamu Kiswahili zaidi. Umeandikwa kwa mtafsiri, kwa karani wa ofisi ya msaada wa kisheria, na pia kwa kijana wa nyumbani ambaye mzazi wake amemkabidhi karatasi na kumwambia amsomee. Mahakama haitasubiri tafsiri ikamilike. Muda huanza kuhesabiwa tangu samansi ilipokabidhiwa, kwa hiyo kazi hii ifanywe siku hiyohiyo au kesho yake.

Hatua ya kwanza ni kukusanya kurasa zote na kutambua ni hati ya aina gani. Samansi kwa mdaiwa huambatana na nakala ya hati ya madai, na mtu akikuletea ukurasa mmoja tu, muulize zingine ziko wapi. Tazama pia kama anaitwa kama mdaiwa au kama shahidi, kwa sababu matokeo ya kutoitikia hutofautiana sana. Notisi ya kusikilizwa kwa kesi ni hati nyingine kabisa: huja baadaye, na hutaja siku na saa ambayo kesi yenyewe itakuwa mbele ya hakimu. Nimeona hati hizi mbili zikitafsiriwa kwa kichwa kimoja cha “barua ya korti”, na mpokeaji akaamini kwamba ya pili ni nakala tu ya ile ya kwanza.

Hatua ya pili ni kutenganisha tarehe. Katika samansi moja huweza kuwapo tarehe tatu: ile ambayo mahakama ilitia muhuri na kuitoa, ile ambayo mpelekaji wa samansi alimkabidhi mdaiwa, na mwisho wa muda wa kujibu. Ya tatu kwa kawaida haikuandikwa kama tarehe. Hupatikana kwa kuhesabu kutoka ile ya pili. Hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa, kwa kuwa tarehe ya muhuri ndiyo inayoonekana wazi, ilhali ile ya kukabidhiwa huandikwa kwa mkono karibu na sahihi au haipo kabisa kwenye nakala aliyoachiwa mdaiwa. Muulize alipokea siku gani, kisha uandike jibu lake katika karatasi ya pembeni. Usiliingize ndani ya tafsiri, maana halimo katika hati.

Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010 zinataka muda wa kuitikia samansi usipungue siku 10, na idadi kamili hutajwa kwenye samansi yenyewe. Tuseme imeandikwa siku 15. Tafsiri iliyo salama ni “kabla ya kwisha kwa siku kumi na tano (15) zinazohesabiwa tangu siku utakapokabidhiwa samansi hii.” Maneno “ndani ya siku 15” yanafaa pia, lakini “baada ya siku 15” ni kosa kubwa, na ni kosa la kawaida kwa sababu mtu huchukulia kwamba siku zinatajwa kama miadi. Andika idadi kwa maneno na kwa tarakimu pamoja, kwani tarakimu moja iliyofifia katika nakala ya fotokopi huweza kugeuza 15 ikaonekana 75.

Saa nayo inahitaji uangalifu wa pekee. Hati ya Kiingereza inayosema 9.00 asubuhi inamaanisha saa tatu kamili asubuhi, wala si saa tisa. Ukiacha tarakimu 9.00 peke yake, msomaji wa Kiswahili anaweza kufika alasiri na kukuta kesi imekwisha kuitwa. Andika saa kwa maneno, kwa hesabu ya Kiswahili, ukitaja asubuhi au alasiri, kisha ongeza kwamba hati ya awali imeonyesha tarakimu gani. Mwezi pia uandikwe kwa jina: “Jumanne, tarehe 3 Februari 2026” ni bora kuliko 03/02/2026. Jina la siku ulilipate kwenye kalenda, na kama halikuandikwa katika hati ya awali, uliweke ndani ya mabano ya mraba ili ijulikane kuwa umeliongeza wewe.

Hatua ya tatu, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote, ni kueleza wajibu. Agizo kuu la samansi ya mdaiwa limejengwa kwa neno la Kiingereza ambalo katika mazungumzo ya kawaida humaanisha kujitokeza mahali. Katika sheria, hata hivyo, agizo hilo linamtaka mdaiwa awasilishe hati mahakamani inayosema kwamba ameipata samansi na atajitetea, pamoja na anwani ambayo barua za kesi zitapelekwa. Mtafsiri akiandika “ufike mahakamani katika muda wa siku 15”, mdaiwa mwaminifu atapanda matatu, ataketi kwenye benchi la ukumbi, ataambiwa hakuna kesi yake siku hiyo, na atarudi nyumbani akiamini ametii. Kumbe hakuna karatasi yoyote iliyowasilishwa, na kwa mujibu wa kumbukumbu za mahakama, yeye hajaitikia.

Kwa sababu hiyo napendekeza hati hiyo iitwe “hati ya kuitikia samansi”, na kitendo chake kiwe “kuwasilisha”, si “kufika”. Neno “kufika” libaki kwa ajili ya notisi ya kusikilizwa tu, ambako mwili wa mtu, au wakili wake, unatakiwa kuwapo. Ukishachagua maneno hayo, yatumie vivyo hivyo tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama mwandishi mzuri angependa kubadilisha maneno ili lugha ipendeze. Angalia pia kitenzi cha amri. Kiingereza cha sheria hutumia umbo linalofanana na wakati ujao, na likitafsiriwa “mdaiwa atawasilisha”, linasomeka kama habari ya jambo litakalotokea lenyewe. Sema “ni lazima uwasilishe”.

Katika notisi ya kusikilizwa, tazama kama kesi inatajwa au inasikilizwa. Kesi inapotajwa, kwa kawaida hakimu huangalia imefikia wapi na kutoa maelekezo. Inaposikilizwa, mashahidi hutoa ushahidi. Anayeambiwa “kesi itaitwa” hatajua kama aje na mashahidi wake au la. Tazama vilevile mahali: siku hizi baadhi ya vikao hufanywa kwa mtandao, na notisi huwa na kiungo cha kujiunga. Kiungo hicho kinakiliwe herufi kwa herufi, na tafsiri iseme waziwazi kwamba kikao ni cha mtandaoni.

Hatua ya nne ni matokeo ya kutofika. Sharti hapa ni kutopunguza na kutozidisha. Mdaiwa wa kesi ya madai asiyeitikia samansi anaweza kutolewa hukumu bila yeye kusikilizwa, mdai akiomba. Asipofika siku ya kusikilizwa ilhali alipewa notisi ipasavyo, mahakama inaweza kuendelea kwa kumsikiliza mdai peke yake. Na mdai naye asipofika huku mdaiwa yupo, kesi yake huweza kutupwa. Hakuna mahali hapo panaposema kwamba mdaiwa atakamatwa kwa sababu ya kutofika tu. Hata hivyo wako wanaotafsiri “usipofika utakamatwa” wakidhani wanamsaidia mtu kuogopa, na matokeo yake mtu hujificha badala ya kujibu. Kwa shahidi aliyeitwa kwa samansi mambo ni tofauti: akikataa kuja bila sababu halali, mahakama inaweza kutoa hati ya kumkamata. Hilo liandikwe kwa nguvu ileile iliyomo katika hati, na tofauti kati ya “mahakama itatoa” na “mahakama inaweza kutoa” isipotee.

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuza samaki wa Mombasa anadaiwa bei ya friji ya duka. Samansi ilitiwa muhuri Ijumaa, 24 Oktoba 2025, na akakabidhiwa Jumanne, 4 Novemba 2025. Siku ya kukabidhiwa haihesabiwi, basi siku ya kwanza ni tarehe 5 na ya kumi na tano ni Jumatano, 19 Novemba 2025. Angehesabu kutoka tarehe ya muhuri angedhani muda uliisha tarehe 8 na angekata tamaa bure. Akiwasilisha hati ya kuitikia tarehe 19, ana siku 14 zaidi za kuwasilisha hati ya utetezi, yaani hadi Jumatano, 3 Desemba 2025. Tafsiri ya sehemu kuu ya samansi yake ingesomeka hivi:

“Mdai amefungua kesi dhidi yako kwa madai yaliyoelezwa katika hati ya madai iliyoambatishwa. Unaamriwa kuwasilisha mahakamani hati ya kuitikia samansi kabla ya kwisha kwa siku kumi na tano (15) zinazohesabiwa tangu siku utakapokabidhiwa samansi hii. Usipoiwasilisha katika muda huo, kesi itasikilizwa na hukumu itatolewa bila wewe kuwapo.”

Na ya notisi iliyomfikia baadaye: “Fahamu kwamba kesi hii itasikilizwa tarehe 3 Februari 2026 [Jumanne], saa tatu kamili asubuhi. Usipofika, kesi itaendelea na amri zitatolewa ingawa hukuwapo.”

Hesabu ya tarehe 19 Novemba haimo katika tafsiri hiyo. Imo katika karatasi ya pembeni, yenye jina la aliyehesabu. Hesabu huweza kubadilika. Kwa mfano, kanuni hizo huondoa katika hesabu siku zote kuanzia 21 Desemba hadi 13 Januari, isipokuwa jaji ameelekeza vinginevyo, na aliyekabidhiwa samansi katikati ya Desemba ana hesabu tofauti kabisa. Mtafsiri hapaswi kubeba jukumu hilo ndani ya maandishi ya mahakama. Amwelekeze mtu kwa wakili au kwenye masjala ya mahakama akiwa na namba ya kesi.

Hatua ya mwisho ni kuthibitisha. Mihuri itajwe ndani ya mabano ya mraba, na panaposhindikana kusomeka pasemwe kwamba hapasomeki. Tarakimu yenye shaka isikisiwe kamwe, iulizwe masjala. Chini ya tafsiri andika jina lako, lugha mbili ulizotumia, tarehe, na tamko kwamba tafsiri ni kamili na ya kweli kadiri ya ujuzi wako, kisha utie sahihi na kuibana pamoja na nakala ya hati ya awali. Kabla ya kuikabidhi, mpe mpokeaji aisome, au umsomee bila kufafanua, halafu umuulize aseme kwa maneno yake: anatakiwa kuwasilisha karatasi au kufika mwenyewe, mwisho ni lini, saa ngapi, wapi, na nini kitatokea asipofanya. Jibu lolote likipotoka, rekebisha sentensi iliyompotosha badala ya kumweleza kwa mdomo, kwa kuwa jioni atakapoisoma tena nyumbani na jamaa zake wewe hutakuwapo.