Kugeuza 1 250,75 kuwa namba inayojumlishika: faili la malipo kutoka Lubumbashi

Ofisi yetu iko Dar es Salaam, tunatoa mizigo bandarini na kuisafirisha kwenda Kongo. Wateja wa Lubumbashi hututumia orodha za malipo kwa dola, lakini wanaziandika kwa mtindo wa Kifaransa: koma inatenga senti, na maelfu yanatengwa kwa nafasi. Kwao 1 250,75 ndiyo ile ambayo sisi tungeiandika 1,250.75. Binadamu yeyote anaielewa, ila Excel iliyopangwa kwa Kiingereza inaiona ni maandishi tu, na maandishi hayajumlishwi.

Mwezi uliopita nilikaa na mwenzangu mgeni wa kazi, tukapitia faili moja la namna hii mpaka likakubali. Naandika tulivyofanya, kwa mistari mitano tu ya faili lile ili ufuate kwa macho:

```
date;motif;montant
04/03/2024;transport;1 250,75
06/03/2024;douane;3 418,50
07/03/2024;parking;86,00
11/03/2024;carburant;640,25
12/03/2024;remboursement;-150,00
```

Safu ya tatu, `montant`, ndiyo kiasi; `douane` ni forodha, na `remboursement` ni urejeshaji wa fedha. Jumla sahihi ni dola 5,245.50. Ishike hiyo namba, tutairudia.

Hatua ya 1: Usilifungue faili kwa kulibofya mara mbili

Ukibofya mara mbili faili la CSV, Excel haikuulizi kitu. Inakata mistari kwa alama iliyo kwenye mipangilio ya kompyuta yako, na kwa kompyuta zetu nyingi alama hiyo ni koma. Faili hili limetenganishwa kwa nuktamkato kwa sababu koma ina kazi nyingine. Basi Excel inakata pale penye senti. Safu ya A unapata `04/03/2024;transport;1 250` na safu ya B unapata `75` peke yake, imejitenga kama mtoto aliyepotezana na mamaye sokoni. Ukiona safu nzima imejaa 75, 50, 0 na 25, hizo ni senti zako. Funga bila kuhifadhi.

Njia ninayoitumia ni hii: nenda `Data`, kisha `From Text/CSV`, uchague faili. Kwenye dirisha la kuonja, weka `Delimiter` iwe `Semicolon`, na pale penye `Data Type Detection` chagua `Do not detect data types`. Hili la pili ndilo la muhimu. Tunaitaka Excel ituletee maandishi kama yalivyo, isikisie chochote. Ikikisia, inaweza kupatia mistari minne na kukosea mmoja, na huo mmoja hutauona. Mfano ni uzito: tani 27,500 kwa Mkongo ni tani ishirini na saba na nusu, lakini Excel ya Kiingereza itaipokea kwa furaha kama elfu ishirini na saba na mia tano. Hakuna alama nyekundu wala onyo.

Bonyeza `Load`. Kwa kuwa umeizuia kukisia, vichwa vya safu huingia kama mstari wa kwanza wa data, chini ya `Column1`, `Column2`, `Column3`. Hakuna shida, kiasi cha kwanza kitakuwa kwenye C3 na cha mwisho C7.

Hatua ya 2: Tazama kilichopo kati ya tarakimu

Hapa ndipo nilipopoteza mchana mzima mara ya kwanza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwenzangu alikuwa ameshajaribu kabla sijaja. Alitumia `NUMBERVALUE`, ambayo ndiyo fomula sahihi, akaiambia desimali ni koma na maelfu ni nafasi. Mistari mitatu ikakubali. Miwili ikatoa `#VALUE!`. Alipoona makosa hayo yanaharibu jumla, akaifunga fomula ndani ya `IFERROR` ili penye kosa paandikwe sifuri. Jumla ikatoka: 576.25. Safi, haina alama yoyote ya kosa, ikaenda kwa mteja.

Mteja akapiga simu jioni ile ile. "Dada, usafiri na forodha umeviweka wapi?"

Alikuwa ameona mara moja. Toa 576.25 kwenye 5,245.50, unabaki na 4,669.25, ambayo ni 1,250.75 na 3,418.50 zikijumlishwa. Yaani vilivyopotea ni vile viwili vilivyovuka elfu, na si kwa bahati mbaya. Kiasi kilicho chini ya elfu hakina nafasi ndani yake, kwa hiyo kinapita. Kilicho juu ya elfu kina nafasi, na nafasi ile siyo ile unayoipata ukigonga kitufe kirefu cha kibodi. Ndiyo maana nasema usiweke `IFERROR` yenye sifuri kwenye safu ya fedha, hata siku moja. Inaficha pesa kubwa na kuonyesha ndogo.

Programu nyingi zinazoandika namba kwa Kifaransa hutumia nafasi isiyokatika, ili 1 isibaki mwisho wa mstari na 250 ikaenda mstari wa pili. Kwa macho zote ni nafasi. Kwa kompyuta kila moja ina namba yake: nafasi ya kawaida ni 32, isiyokatika ni 160, na isiyokatika iliyo nyembamba ni 8239. Uliza seli yenyewe:

```
=UNICODE(MID(C3,2,1))
```

Hii inachukua herufi ya pili ya C3, yaani ile iliyo kati ya 1 na 250, na kukutajia namba yake. Kwetu C3 ilijibu 160, na C4 ikajibu 8239. Faili moja, nafasi za aina mbili, kwa sababu mteja alikuwa amenakili mstari mmoja kutoka programu yake ya uhasibu na mwingine kutoka tovuti ya benki. Ukijaribu mstari wa kwanza tu ukaridhika, wa pili utakukamata.

Usitumie `CODE` badala ya `UNICODE`. `CODE` inajua jedwali la zamani lenye herufi chache, na hiyo 8239 haimo. Na usihangaike na `TRIM`, ambayo ndiyo iliyonila mchana wangu. `TRIM` huondoa nafasi ya namba 32 pekee, na hata hiyo ikiwa katikati huibakiza moja. Nayo `CLEAN` hushughulika na alama za chini kabisa, kuanzia 0 hadi 31. Zote mbili zitakurudishia maandishi yale yale, nawe utadhani umesafisha.

Njia ya kutafuta na kubadilisha kwa `Ctrl+H` nayo siipendi. Ukigonga nafasi kwenye kisanduku cha kutafuta, umetafuta 32, Excel itakujibu haikuona kitu ilhali wewe unaiona. Zaidi ya hapo, inabadilisha data ya asili palepale. Mteja akiuliza kesho, huna tena alichokuandikia.

Hatua ya 3: Fomula yenyewe

Kwenye D3 andika hivi, kisha ishushe mpaka D7:

```
=NUMBERVALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(C3,UNICHAR(160),""),UNICHAR(8239),""),","," ")
```

Soma kuanzia ndani. `SUBSTITUTE` ya kwanza inafuta nafasi ya 160, ya pili inafuta ya 8239. Kisha `NUMBERVALUE` inapewa maandishi yaliyosafishwa, inaambiwa desimali ni koma, na kitenga maelfu ni nafasi ya kawaida. Taja vyote viwili kila mara. Ukiacha kimoja, itachukua cha kompyuta yako, na kwenye kompyuta ya Kiingereza koma ndiyo hutenga maelfu.

Utaona watu wengi wanaweka nukta kama kitenga maelfu, kwa maana Wajerumani huandika 1.250,75. Kama faili lako limetoka Ujerumani, sawa, weka nukta. Kwa faili la Lubumbashi mimi nakataa. Sababu ni kwamba mara kwa mara mtu huingiza mstari mmoja kwa mtindo wetu, mathalani 640.25. Ukiwa umeiambia fomula nukta ni ya maelfu, itaitupa nukta hiyo na kukupa 64025. Dola mia sita na arobaini zimekuwa elfu sitini na nne. Ukiwa umeiambia kitenga ni nafasi, itagoma na kutoa `#VALUE!`, nawe utakwenda kuutazama mstari huo kwa macho. Nataka igome.

Kama kiasi kina alama ya dola mwishoni, ongeza `SUBSTITUTE` nyingine ya kuifuta.

Kuna njia ya kugeuza palepale ndani ya Power Query, chombo kile kile cha Excel kilicholeta faili kwa `From Text/CSV`, kwa kutumia `Using Locale`, na kwa ripoti ya kila mwezi isiyobadilika umbo inaokoa muda. Lakini seli ikishindikana kule, inashuka kwenye karatasi ikiwa tupu, na `SUM` huruka seli tupu bila kusema neno. Kwa fedha za mteja nataka kosa lionekane kwenye mstari wake.

Hatua ya 4: Hesabu namba kabla ya kuzijumlisha

```
=COUNTIF(C3:C7,"?*")
=COUNT(D3:D7)
=SUM(D3:D7)
```

Ya kwanza inahesabu seli zilizoandikwa kitu, ya pili inahesabu namba halisi pekee. Hapa zote zinatoa 5, na jumla ni 5245.5. Zikitofautiana, usiisome jumla kwanza. Ikiwa `COUNT` imezidi, una mstari mtupu: `NUMBERVALUE` ikipewa utupu hurudisha 0, na huenda mteja alisahau kujaza. Ikiwa imepungua, kuna `#VALUE!` mahali. Rudi hatua ya 2 kwenye seli hiyo, uulize herufi moja baada ya nyingine. Kwenye urejeshaji, kwa mfano, alama ya kutoa inaweza kuwa siyo ya kibodi bali ile ya hisabati yenye namba 8722. Ifute kwa njia ile ile, ila weka `"-"` badala ya utupu, la sivyo marejesho yatageuka malipo.

Hatua ya 5: Kumrudishia mteja

Mtumie faili la `.xlsx`, si CSV. Safu ya D sasa ina namba halisi, na namba halisi ndani ya Excel haina koma wala nukta. Alama huwekwa na kompyuta ya anayeifungua, ilimradi hukuigeuza kuwa maandishi kwa `TEXT`. Fomula nazo hujigeuza zenyewe: kwenye Excel yake ya Kifaransa `NUMBERVALUE` itasomeka `VALEURNOMBRE`, na koma zinazotenganisha vipengele zitakuwa nuktamkato. Akikusomea fomula kwa simu ikasikika tofauti na yako, ni ile ile. Tulipotuma mara ya pili, kwangu seli ya jumla ilisoma 5,245.50, naye akatusomea kutoka kwake: elfu tano, mia mbili arobaini na tano, koma hamsini.